Harufu mbaya ya kinywa: anzia nyuma ya ulimi

Wengi wanaonijia wakilalamika kunuka mdomo huwa wamekwisha kunywa dawa za tumbo. Mara chache sana tumbo ndilo lenye kosa. Kwa watu walio wengi harufu hutoka kinywani humo humo, na mara nyingi huanzia nyuma kabisa ya ulimi, mahali ambapo mswaki haufiki.

Hapo ulimi una vinundu na mifereji midogo. Masalia ya chakula, seli zilizokufa na ute unaoteremka kutoka puani hunasa humo na kufanya utando mweupe au wa manjano. Bakteria wasiohitaji hewa huvunja protini za utando huo na kutoa gesi za salfa, zile zinazonuka kama yai viza. Ukitaka kujua, kwaruza sehemu hiyo taratibu kwa kijiko, subiri kidogo, kisha unuse kijiko.

Mate ndiyo yanayosafisha utando huo mchana kutwa. Usiku hupungua sana, ndiyo maana kila mtu huamka na harufu. Lakini fikiria mwalimu mmoja niliyemtibu. Alisukutua kwa dawa kali yenye pombe asubuhi na jioni, na mfukoni hakukosa peremende. Harufu ilirudi kabla kipindi cha kwanza hakijaisha. Nilipomkagua, fizi zilikuwa nzima, ila ulimi ulikuwa mkavu na kioo changu cha kukagulia meno kilinata ndani ya shavu lake. Nikamuuliza dawa anazotumia. Alikuwa akimeza amitriptilini kila usiku kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, na dawa ya mzio iliyomsinzisha. Zote mbili hukausha mate, na pombe ya kusukutulia nayo iliongeza ukavu. Peremende zake zilikuwa za sukari, na kinywa kisicho na mate huoza meno haraka.

Sikumwachisha dawa, nilimwandikia daktari wake barua, akambadilishia ile ya mzio. Yeye akaacha kusukutua kwa pombe, akawa anapiga funda la maji kila baada ya muda darasani na kutafuna chingamu isiyo na sukari baada ya kula, maana kutafuna huamsha mate. Usiku, baada ya mswaki, alikwaruza ulimi kutoka nyuma kuja mbele kwa kikwaruzo, mara nne au tano bila kukandamiza, akitoa pumzi ili asipate kichefuchefu. Baada ya wiki chache mkewe ndiye aliyenithibitishia nafuu. Pua ya mwenyewe huizoea harufu yake, kwa hiyo muulize mtu unayemwamini.

Kikwaruzo kina mpaka wake. Ukipitisha uzi kati ya meno ukanuka au ukatoka na damu, mara nyingi tatizo liko kwenye fizi, na ugaga uliojificha chini yake hautoki kwa mswaki wala kwa ndimu, ambayo hula meno. Huo huondolewa kwa vifaa vya kliniki. Harufu inayotoka tundu moja tu la pua, hasa kwa mtoto mdogo, ikaguliwe haraka: mara nyingi kuna shanga au punje iliyokwama humo.