Njaa ya bibi, mwili wa mjukuu: maswali kuhusu alama za jeni

Bibi yangu alipatwa na njaa kali akiwa na mimba ya mama. Je, na mimi nimeirithi?

Huenda njaa ile ilikugusa, lakini kuguswa si kurithi. Mtoto wa kike huanza kuunda mayai yake akiwa bado tumboni. Kwa hiyo bibi alipolala njaa, mama yako alikuwamo, na chembe iliyokuja kuwa yai lako nayo ilikuwamo ndani ya mama. Njaa moja iliwapata watatu kwa mpigo. Anayeweza kuthibitisha urithi ni mwanao, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza ambaye hakuwamo kabisa. Kwa mwanamume hesabu ni fupi zaidi: kilichompata kiligusa na mbegu zake, basi mtoto tayari ameguswa, na kipimo cha kweli ni mjukuu. Tafiti nyingi zinazotangazwa kwa kishindo huishia kizazi kimoja kabla ya hapo.

Kama jeni ni zile zile, kinachobadilika ni nini?

Maandishi ya DNA hubaki kama yalivyo. Juu yake hubandikwa vikundi vidogo vya kemikali viitwavyo methili, mara nyingi kwenye herufi C. Vikijazana mwanzoni mwa jeni, aghalabu jeni hiyo hunyamaza. Seli inapogawanyika, kimeng'enya maalumu hunakili alama hizo kwenye uzi mpya wa DNA, ndiyo maana seli ya ini huzaa seli ya ini na si ya ngozi. Kunakili huko ndani ya mwili mmoja hakuna anayekubishia. Ubishi ni kama alama zinavuka kwenda kwa mtoto.

Nasikia kwa mimea zinavuka. Ushahidi uko wapi?

Upo kwenye ua moja la Ulaya, *Linaria vulgaris*. Ua lake la kawaida lina sura ya mdomo, upande wa juu tofauti na wa chini, na mkia mmoja mrefu nyuma. Mwaka 1744 Carl Linnaeus alieleza aina yake ya ajabu: duara kamili, mikia mitano. Mwaka 1999 watafiti wa John Innes Centre, Uingereza, walilinganisha jeni inayopanga sura ya ua katika mimea ya aina zote mbili. Hawakuona tofauti ya herufi inayoeleza umbo lile. Walichokuta ni jeni iliyojaa methili na kunyamaza, na hali hiyo ilirithiwa kupitia mbegu. Mara nyingine tawi moja la mmea huohuo hupoteza methili, na maua yake huanza kurudia sura ya kawaida. Hapo ndipo penye uzito, maana kasoro ya herufi isingejifuta kwa mtindo huo.

Mmea una nafasi ambayo sisi hatuna. Ua huchipuka kwenye ncha ya shina iliyokwisha kuishi jua na ukame, na alama zake hazifutwi zote wakati wa kutunga mbegu. Hata hivyo, ua la *Linaria* halituambii kwamba mazingira ndiyo yaliyoweka alama ile. Linatuambia tu kwamba ikishawekwa, inaweza kurithiwa.

Kwa nini basi kwa binadamu mnasitasita?

Kwa sababu mamalia hufuta ubao mara mbili. Kwanza, siku chache baada ya mbegu kukutana na yai, alama nyingi huondolewa. Kisha hufutwa tena katika seli za kijusi zitakazokuwa mayai au mbegu za kiume. Zipo sehemu chache zinazoponyoka, lakini ni chache.

Chukua njaa ya Uholanzi ya majira ya baridi ya 1944 na 1945. Mwaka 2008 watafiti walipima watu 60 waliotungwa mimba wakati wa njaa, wakiwalinganisha na ndugu zao wa jinsia moja ambao hawakuipitia. Kwenye jeni ya IGF2, inayohusika na ukuaji, methili zilikuwa pungufu kwa takribani asilimia 5, miongo sita baadaye. Ni matokeo mazuri, lakini watu hao wenyewe walikuwa tumboni. Yanaonyesha alama inavyodumu, hayaonyeshi urithi. Halafu, methili hizo zilipimwa kwenye damu, na damu ni mchanganyiko wa seli za aina nyingi, na kila aina ina alama zake. Mchanganyiko ukibadilika kidogo tu, kipimo nacho hubadilika bila jeni yoyote kuguswa.

Nataka kushika mimba. Nimeze foliki, vitamini inayosaidia mwili kupata methili, kwa ajili ya wajukuu?

Meza kwa ajili ya mtoto huyu. Kipimo cha kawaida ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12, ili kupunguza hatari ya mgongo wazi. Mfereji unaokuja kuwa uti wa mgongo hufunga takribani siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua kama ni wajawazito, kwa hiyo kusubiri kliniki ya kwanza ni kuchelewa. Kama uliwahi kupata mtoto mwenye tatizo hilo, au unatumia dawa za kifafa, mwone daktari kwanza, kwa kuwa kipimo chako huenda kikawa kikubwa zaidi.