Kuonyeshwa kiasi na kuombwa ukikubali kiasi hicho ni mambo mawili

Skrini ya mteja ni kioo kidogo kwenye kaunta kinachomgeukia mnunuzi na kumwonyesha jumla anayodaiwa. Maana yake inaishia hapo. Tatizo ni kwamba watu wengi huongeza: "na ndipo unapothibitisha malipo." Nimelisikia hili mara nyingi mno, na linawagharimu watu fedha.

Kioo cha kaunta, kiwe cha kompyuta ya dukani au cha mashine ya EFD, kinaonyesha tu alichoingiza keshia. Hakikuulizi kitu. Anayekuuliza ni mashine ya kadi: inaandika kiasi, inasubiri namba ya siri, kisha kitufe cha kijani. Katika maduka mengi vifaa hivi viwili havijaunganishwa, kwa hiyo keshia anasoma jumla kwenye kimoja na kuibonyeza upya kwenye kingine.

Chukua bidhaa za shilingi 48,500. Mashine nyingi za kadi zinazotumia shilingi ya Tanzania huhesabu kuanzia senti, hivyo keshia lazima abonyeze 4850000 ili isomeke 48,500.00. Kidole kikiongeza sifuri moja, inasomeka 485,000.00. Kioo cha kaunta bado kinasema 48,500, nawe macho yako yako huko. Unaweka namba ya siri, unabonyeza kijani. Hapo chipu ya kadi inachukua kiasi kilichomo kwenye mashine ya kadi na kukitumia kutengeneza alama ya siri ambayo benki yako itaikagua. Alama ikiwa sahihi na salio likitosha, kwa benki wewe umekubali 485,000. Kilichoandikwa kwenye kioo cha kaunta hakikufika benki kabisa.

Ukigundua papo hapo, keshia anaweza kuufuta muamala kabla mashine haijafunga hesabu za siku. Baada ya hapo inabaki kurudishiwa fedha kupitia benki, na hilo huchukua siku kadhaa.

Mahali palipounganishwa, kiasi hujitokeza chenyewe kwenye mashine ya kadi. Ukiona keshia anabonyeza tarakimu, jua vioo hivyo viwili havina mawasiliano. Kwa kadi ya kugusisha, kule kugusisha ndiko kukubali kwenyewe, na kwa malipo madogo mara nyingi huulizwi namba ya siri. Kwa hiyo kiasi kisomwe kabla kadi haijasogea. Ukilipa kwa simu kwa ombi linalotumwa na duka, swali linakuja kwenye simu yako mwenyewe, likiwa na kiasi na jina la biashara, kabla hujaweka namba ya siri.

Basi ndugu yangu anayelalamika kwamba "nilithibitisha 48,500 kwenye kioo" anasema kweli nusu: aliiona 48,500 kwenye kaunta, lakini alichokikubali kilikuwa kwenye mashine aliyoshikishwa mkononi.