Mkataba Upi Unashinda? Dhana Potofu Kuhusu Mikataba Inayogongana, kwa Mfano wa Mto Nile

Tarehe 13 Oktoba 2024 Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile ulianza kutumika, baada ya kuridhiwa na nchi sita: Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Wengi walitangaza kwamba mikataba ya kikoloni ya mto huo sasa imezikwa. Wengine, hasa upande wa Misri, walisema hakuna kilichobadilika kwa sababu haki za kihistoria haziguswi. Kauli zote mbili zinatokana na kuielewa vibaya namna sheria ya kimataifa inavyoshughulikia mikataba inayofuatana juu ya jambo moja.

Dhana: Mkataba mpya hufuta wa zamani

Ndani ya nchi moja ni kweli kwamba sheria ya baadaye iliyotungwa na Bunge hilo hilo hushinda ya awali, kwa kuwa mtungaji ni mmoja na wanaoongozwa nayo ni wale wale. Mikataba haiko hivyo. Mkataba ni ahadi kati ya waliouridhia, na Ibara ya 34 ya Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu Sheria ya Mikataba inaeleza wazi kwamba hauwezi kuipa nchi ya tatu wajibu wala haki bila ridhaa yake. Ndiyo maana Ibara ya 30 ya mkataba huo, inayohusu mikataba inayofuatana, haiulizi kwanza ni upi mpya. Inauliza: kati ya nani na nani? Kama wanachama wote wa mkataba wa zamani wamo katika mpya, wa zamani unabaki kutumika pale tu usipopingana na mpya. Kama wanachama si wale wale, basi kati ya nchi mbili hutumika mkataba ule ambao zote mbili ni wanachama wake, hata kama ni wa zamani zaidi.

Tuitazame Nile kwa jicho hilo. Kwa barua walizobadilishana tarehe 7 Mei 1929, Uingereza na Misri zilikubaliana kwamba bila idhini ya awali ya serikali ya Misri, hakuna kazi ya umwagiliaji wala ya umeme itakayofanywa kwenye mto huo, matawi yake au maziwa unakotoka, katika Sudan na nchi zilizokuwa chini ya utawala wa Uingereza, ikiwa ingepunguza maji yanayofika Misri, kubadilisha wakati wa kufika kwake au kushusha kina chake. Ziwa Viktoria liliingizwa humo, na Tanganyika, Kenya na Uganda hazikuulizwa. Kisha tarehe 8 Novemba 1959 Misri na Sudan ziligawana mto kati yao: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka kwa Misri, bilioni 18.5 kwa Sudan, na bilioni 10 zikahesabiwa kuwa zitapotea kwa mvuke huko Aswan. Jumla ni bilioni 84, yaani maji yote yaliyokadiriwa kufika Aswan kwa mwaka.

Sasa chukua jambo mahususi. Mwaka 2004 Tanzania ilianza mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Viktoria hadi Kahama na Shinyanga. Je, Mkataba huu wa Ushirikiano, mkataba wa 2010 (ndio mwaka ulipofunguliwa kutiwa saini huko Entebbe), unaipa Tanzania kinga dhidi ya madai ya Misri kuhusu mradi kama huo? Hauipi kinga yoyote, kwa sababu Misri haimo. Mkataba huo unatawala uhusiano wa Tanzania na Uganda au Burundi, hauwezi kuiondolea Misri haki ambayo Misri haikukubali kuiachia.

Lakini jibu hilo halimaanishi kwamba Misri inashinda. Swali halisi kati ya Misri na Tanzania ni kama ahadi ya 1929 iliwahi kuwa ya Tanzania, na swali hilo linaamuliwa na sheria ya urithi wa mikataba kati ya dola. Tarehe 9 Desemba 1961 serikali ya Nyerere ilimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya pande mbili iliyofungwa na Uingereza ingeendelea kwa miaka miwili, ikichunguzwa mmoja mmoja, na baada ya hapo ule ambao haukukubaliwa ungekoma, isipokuwa kama kanuni za kimila za sheria ya kimataifa, yaani zile zinazotokana na desturi ya dola zenyewe, zingeubakiza. Tarehe 4 Julai 1962 Tanganyika ikaziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na barua za 1929, kwa kuwa kumwomba jirani idhini kabla ya kutumia maji ya ziwa lake hakulingani na hadhi ya dola huru. Misri ilijibu mwaka 1963 kwamba makubaliano yanabaki hai.

Hoja yenye nguvu zaidi ya Misri si ile ya ukongwe wa haki zake. Ni ile inayosema kwamba barua za 1929 ziliweka utaratibu unaoshikamana na ardhi yenyewe, na utaratibu wa aina hiyo, kama mipaka, haukomi kwa sababu mtawala amebadilika. Kanuni hiyo imo katika Ibara ya 12 ya Mkataba wa Vienna wa 1978 kuhusu urithi wa mikataba, na mwaka 1997 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika kesi ya Hungary na Slovakia kuhusu mabwawa ya mto Danube, ilisema kwamba ibara hiyo inaakisi sheria ya kimila. Kwa maoni yangu hoja hiyo haifiki mbali hapa: sharti la kuomba idhini ya serikali fulani ni ahadi ya kisiasa kati ya serikali mbili kuliko kuwa sifa ya ardhi. Hata hivyo hakuna mahakama iliyowahi kuliamua suala hilo kuhusu Nile, na anayeandika kana kwamba limeamuliwa, kwa upande wowote, anapotosha.

Kinachobaki kati ya Tanzania na Misri, ikiwa 1929 haipo, ni sheria ya kimila: kutumia mto wa pamoja kwa usawa na busara, kujihadhari na kumdhuru mwenzako kwa kiwango kikubwa, na kumpa taarifa kabla ya mradi unaoweza kumletea madhara. Kutoa taarifa si kuomba ruhusa, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha mgogoro mzima. Ndiyo maana mazungumzo ya mkataba wa 2010 yalikwama kwenye Ibara yake ya 14(b). Nchi za upande wa juu wa mto zilikubali kutoathiri kwa kiwango kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine, lakini Misri ilitaka yaongezwe maneno ya kulinda matumizi na haki zilizopo sasa. Maneno hayo machache yangeiingiza mikataba ya zamani ndani ya mpya kwa mlango wa nyuma.

Nchi iliyo katika hali ngumu kweli ni Sudan Kusini. Ilikuwa sehemu ya Sudan mwaka 1959, na mkataba ule ulipanga miradi ya kuokoa maji yanayopotea katika vinamasi vyake, ambayo mazao yake yangegawanywa nusu kwa nusu kati ya Cairo na Khartoum. Mfereji wa Jonglei ulianza kuchimbwa kwa shabaha hiyo mwaka 1978, ukasimamishwa na vita. Ikiwa Sudan Kusini ilirithi wajibu huo, basi kwa Misri inadaiwa ushirikiano katika kukausha sehemu ya vinamasi, na kwa Ethiopia na Uganda inadaiwa kulinda mazingira ya bonde. Ibara ya 30 haibatilishi ahadi yoyote kati ya hizo. Nchi ikitimiza moja, italazimika kuwajibika kwa kuivunja nyingine. Huo ndio mgongano halisi wa mikataba, na sheria haina dawa yake isipokuwa mazungumzo.

Dhana: Sheria mahususi daima huifukuza ya jumla

Kanuni ya sheria mahususi ni ya zamani na ina mantiki, kwa sababu anayeandika juu ya jambo moja hulitazama kwa karibu zaidi. Lakini haimo katika Ibara ya 30, na kazi yake mara nyingi ni kufafanua kuliko kufukuza. Mwaka 1996, katika maoni yake kuhusu silaha za nyuklia, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema haki ya kuishi haikomi vitani, ila kama mauaji fulani ni ya kiholela au la litaamuliwa kwa kutazama sheria ya vita, ambayo ndiyo mahususi. Haki ya binadamu inabaki, na sheria ya vita inaipa kipimo.

Mfano wa karibu ni kesi ya Kongo dhidi ya Uganda. Katika hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005, Mahakama iliona kwamba Uganda ilikuwa dola iliyolikalia kijeshi eneo la Ituri, mashariki mwa Kongo. Kama sheria mahususi ingekuwa inafukuza, sheria ya vita peke yake ingetumika. Badala yake Mahakama ilisema matawi yote mawili yazingatiwe, ikaikuta Uganda na hatia chini ya sheria ya kibinadamu ya vita na pia chini ya mikataba ya haki za binadamu, ukiwemo Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Mkataba wenyewe pia unaweza kuamua nafasi yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997 kuhusu mito ya kimataifa ni wa jumla na wa baadaye kuliko 1959, lakini Ibara yake ya 3 inasema hauathiri makubaliano yaliyokuwepo. Mikataba ikieleza uhusiano wake na mingine, maelezo hayo ndiyo husomwa kwanza.

Dhana: Kuna ngazi ya sheria kama ya katiba, na ya juu hutatua kila mgongano

Ngazi ipo, ila ina vidato vichache. Mkataba unaopingana na kanuni za lazima zisizoruhusu kupunguzwa, kama marufuku ya mauaji ya kimbari, ni batili. Wajibu chini ya Mkataba ulioanzisha Umoja wa Mataifa hutangulizwa na Ibara yake ya 103, lakini hapo mkataba mwingine haufi, unapisha tu. Nje ya hayo, hakuna mkataba ulio juu ya mwingine.

Na kanuni kuwa ya juu hakuipi mahakama mamlaka. Kongo iliishtaki Rwanda mwaka 2002. Katika hukumu ya tarehe 3 Februari 2006 Mahakama ilikiri kwamba marufuku ya mauaji ya kimbari ni kanuni ya lazima, kisha ikakataa kuisikiliza kesi kwa sababu Rwanda haikuwa imekubali mamlaka yake.

Dhana: Sheria ya kimataifa imevunjika vipande visivyoongea

Tume ya Sheria ya Kimataifa ililichunguza suala hili, na ripoti ya kikundi chake kilichoongozwa na Martti Koskenniemi ilitolewa mwaka 2006. Iliona hatari, lakini ikaonyesha kwamba mikataba husomwa pamoja na sheria nyingine zinazozihusu nchi husika, kama inavyotaka Ibara ya 31(3)(c) ya Mkataba wa Vienna. Mfano unaotajwa sana wa mvutano ni kipimo cha lini dola inawajibika kwa matendo ya kikundi chenye silaha nje ya nchi: mwaka 1986, katika kesi ya Nikaragua, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitaka udhibiti halisi wa tendo lenyewe, na mwaka 1999 mahakama ya kimataifa ya uhalifu uliotendeka Yugoslavia ya zamani, katika kesi ya Tadić, ikaridhika na udhibiti wa jumla. Mwaka 2007, katika kesi ya Bosnia, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilijibu kwa hoja: kipimo cha Tadić huenda kikafaa kuamua kama vita ni vya kimataifa, lakini kwa swali la uwajibikaji wa dola kinapanua wajibu kupita kiasi.