Tarehe ya kurekodi na tarehe ya kupakia video: zinakaa wapi, na kwa nini hazilingani

Tarehe ya kurekodi ni ile kamera au simu iliyoiandika ndani ya faili la video. Tarehe ya kupakia haimo kabisa ndani ya faili. Inakaa kwenye hifadhidata ya mtandao ulikoipeleka video hiyo, na iliandikwa na seva za mtandao huo. Waandishi ni wawili, na kila mmoja anatazama saa yake. Ndiyo maana mtu hawezi kuishika moja akadhani ameipata na nyingine.

Tuifuate video moja ya harusi tangu mwanzo. Imepigwa Dar es Salaam, usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 15 Desemba 2024, saa 7:20 usiku. Kompyuta haihesabu saa kama sisi, kwa hiyo kwake hiyo ni 01:20.

Faili la MP4, na vilevile MOV, limejengwa kwa visanduku vinavyokaa kimoja ndani ya kingine. Kikubwa kinachobeba maelezo ya video huitwa `moov`, na ndani yake kuna kidogo kiitwacho `mvhd`. Humo ndimo ilimo tarehe, ila haijaandikwa kama siku, mwezi na mwaka. Ni namba tupu: idadi ya sekunde tangu saa sita ya usiku wa tarehe 1 Januari 1904, kwa saa ya dunia, yaani UTC. Kwa video yetu namba hiyo ni 3817059600. Ukiigeuza unapata tarehe 14 Desemba 2024, saa 22:20.

Tarehe 14, si 15. Hakuna kosa hapo. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo saa 7:20 usiku ya Dar es Salaam bado ni usiku wa siku iliyopita kwa saa ya dunia. Programu inayoongeza zile saa tatu itakuonyesha tarehe 15. Isiyoongeza itakuonyesha 14. Faili ni lilelile.

Tatizo la kweli linaanza pale kamera isipofuata kanuni hii. Simu inajua iko ukanda gani wa saa, hivyo huweza kupiga hesabu ya UTC. Kamera nyingi za mkononi hazijui. Zinachukua saa uliyoiweka wewe kwenye menyu na kuitia vilevile mahali pa UTC. Kamera ya namna hiyo ingeandika 01:20 ya tarehe 15 kana kwamba ni saa ya dunia, na kompyuta ya Dar es Salaam ingeongeza saa tatu juu yake na kuonyesha 04:20 alfajiri. Ukiona video za sherehe moja, za simu na za kamera, zimepishana kwa saa tatu kamili, basi sababu ni hii. Zikipishana kwa dakika kumi na saba au arobaini, hiyo ni kamera ambayo saa yake haikurekebishwa tu. Na ikionyesha Januari 1 ya mwaka ambao kamera hata haikuwa imenunuliwa, betri ndogo ya saa ilikwisha, kamera ikarudi kwenye tarehe ya kiwandani na hakuna aliyeirekebisha.

iPhone huongeza tarehe ya pili mahali pengine ndani ya faili, kwa jina `com.apple.quicktime.creationdate`. Hiyo imeandikwa kwa maneno na inabeba ukanda wake, mfano `2024-12-15T01:20:00+0300`. Ikiwepo, ndiyo ya kuiamini kwanza, kwa sababu haikuachii kazi ya kukisia saa za wapi.

Kuna jambo jingine dogo linalowachanganya wengi. Kisanduku cha `moov` kwa kawaida huandikwa mwishoni, unapobonyeza kusimamisha, na baadhi ya simu za Android huweka humo saa ya kumaliza badala ya saa ya kuanza. Jina la faili, kama `VID_20241215_012000.mp4`, lenyewe hubeba saa ya kuanza. Kwa hiyo video ya dakika nne inaweza kuonekana imepishana na jina lake kwa dakika nne, na zote mbili zikawa sahihi.

Kuitazama tarehe ya ndani, programu ya ExifTool inatosha:

```
exiftool -time:all -G1 -a -s harusi.mp4
```

Majibu yatakayotoka yana mistari ya aina hii:

```
[System]     FileModifyDate  : 2024:12:15 01:24:02+03:00
[QuickTime]  CreateDate      : 2024:12:14 22:20:00
[Track1]     TrackCreateDate : 2024:12:14 22:20:00
```

Mistari ya `[QuickTime]` na `[Track1]` imetoka ndani ya faili. ExifTool huitoa kama ilivyo bila kuongeza saa za kwenu. Ukitaka ikufanyie hesabu, ongeza `-api QuickTimeUTC` kwenye amri. Ukiona `0000:00:00 00:00:00`, tarehe haikuandikwa au ilifutwa. Programu nyingine zikikutana na sifuri hiyo hukuambia video ilirekodiwa Januari 1, 1904, jambo ambalo angalau linachekesha.

Mstari wa `[System]` ni wa tabia nyingine. Hautoki kwenye video. Unatoka kwenye diski au memori kadi inayolihifadhi faili. Hapa ndipo watu wengi hukosea, maana tarehe hii ndiyo inayojitokeza kwanza kwenye folda. Kwenye Windows, ukinakili faili kutoka memori kadi, `Created` huwa saa uliyonakili, wakati `Modified` inabaki ile ya zamani. Matokeo yake faili linaonekana limebadilishwa kabla halijazaliwa. Bonyeza kulia, chagua `Properties`, kisha `Details`, utafute `Media created`. Hiyo ndiyo inayosomwa kutoka ndani ya video.

Sasa tuipeleke video yetu mbele. Mpiga picha ameihariri na kuitoa upya tarehe 20 Desemba. Programu nyingi za kuhariri hutengeneza faili jipya lenye `mvhd` yake mpya, na tarehe inayoingia humo ni ya siku ya kutoa kazi. Tarehe ya harusi imebaki kwenye vipande vya awali tu. Akivifuta ili apate nafasi kwenye diski, ameifuta na tarehe.

Njia ya WhatsApp nayo ina mambo yake. Video ikitumwa kwa kawaida hubanwa na kuandikwa upya, hivyo usitegemee kuikuta tarehe ya kamera kwenye nakala uliyoipokea. Jina kama `VID-20241222-WA0007.mp4` linakuambia kuwa simu hiyo iliipokea au kuituma tarehe 22 Desemba, na kwamba ina namba 7 katika mfululizo wa mafaili ya siku hiyo. Halisemi lolote kuhusu siku ya kupigwa. Video ya miaka mitano iliyopita ikisambazwa leo, kwenye simu yako itavaa tarehe ya leo. Anayetaka tarehe ifike salama aitume kama hati, maana hapo faili linakwenda lilivyo.

Tarehe 21 Desemba video iliyohaririwa inapakiwa YouTube, ikiwa imefichwa, na mwenyewe anaipangia kutoka hadharani tarehe 1 Januari 2025, saa 12 kamili asubuhi. YouTube inaichukua, inaibana kwa viwango vyake na kuitengenezea nakala kadhaa. Kinachoonekana chini ya video hakisomwi kwenye `mvhd`. Ni rekodi ya YouTube yenyewe, ambayo kwenye API yao, yaani njia ambayo programu nyingine hutumia kusoma rekodi zao, huitwa `publishedAt`. Na hata hiyo si lazima iwe siku ya kupakia. Video iliyopakiwa ikiwa imefichwa kisha ikafunguliwa baadaye hubeba saa ya kufunguliwa. Kwa hiyo mtazamaji ataona 1 Januari, ingawa faili liliingia kwenye seva siku kumi na moja kabla yake.

`publishedAt` huandikwa kwa UTC na kuishia na herufi Z. Saa 12 asubuhi ya Dar es Salaam inakuwa:

```
2025-01-01T03:00:00Z
```

Ukifungua chanzo cha ukurasa wa video na kutafuta neno `uploadDate`, unaweza kuikuta saa hiyohiyo imeandikwa kwa saa za California:

```
2024-12-31T19:00:00-08:00
```

Mwaka umebadilika, lakini dakika ni ileile. Anayenakili tarehe peke yake na kuuacha mkia wa `-08:00` ataandika kuwa video ilitoka mwaka 2024, na atabishana na wenzake bure. Nakili mstari wote, ndipo uongeze saa kumi na moja kupata saa ya kwetu. California ikiwa kwenye saa za kiangazi mkia huwa `-07:00`, na hapo unaongeza kumi.

YouTube ina pia sehemu ya tarehe ya kurekodi. Kwenye YouTube Studio, ukurasa ambako mwenye chaneli husimamia video zake, fungua maelezo ya video, bonyeza `Show more`, utaikuta `Recording date`. Kwenye API jina lake ni `recordingDate`, chini ya `recordingDetails`. Inajazwa na mwenye chaneli, naye anaweza kuandika anachotaka au kuiacha wazi, na wengi huiacha wazi. Ichukue kama kauli ya mtu, si kama kipimo cha chombo.

Hata kilichomo ndani ya faili si muhuri wa serikali. Kamera iliyokosea saa tatu inarekebishwa kwa mstari mmoja:

```
exiftool "-QuickTime:CreateDate-=0:0:0 3:0:0" harusi.mp4
```

ExifTool inahifadhi nakala ya awali yenye `_original` mwishoni mwa jina, na inabadilisha sehemu hiyo moja tu. `TrackCreateDate` inabaki na saa ya zamani usipoitaja nayo. Hapo ndipo aliyebadilisha tarehe kwa haraka hujulikana: sehemu za faili moja zinatoa saa mbili tofauti. Lakini kutofautiana huko peke yake hakuthibitishi hila, kwa kuwa aliyekuwa akirekebisha saa ya kamera kwa nia njema anaacha alama ileile. Muulize kwanza faili la awali, lile lililotoka kwenye kadi, na ulisome lenyewe.