Jibu la 27.2 linalodanganya

Asubuhi ya Juni hapa Mbeya, ukungu bado umekaa juu ya Loleza na chaki inateleza mikononi kwa baridi. Nimewaandikia kidato cha sita swali moja: ayoni ya heliamu, yaani heliamu iliyobaki na elektroni moja, inahitaji nishati kiasi gani ili elektroni hiyo ing'oke kabisa? Kijana mmoja anakuja ubaoni, anachukua 13.6 eV ya kuing'oa elektroni ya haidrojeni, na kuandika 13.6 mara 2, sawa na 27.2 eV. Nikamuuliza ana uhakika gani. Akafungua jedwali nyuma ya kitabu: heliamu, 24.6. "Mwalimu, si inakaribia?"

Kosa hili nakutana nalo kila mwaka, na ubaya wake ni kwamba lina shahidi. Ile 24.6 ya kwenye jedwali ni ya heliamu kamili, yenye elektroni mbili, inapong'olewa ya kwanza. Haihusiani na swali nililouliza. Jibu la ayoni ni 54.4 eV, yaani 13.6 mara 4.

Nne imetoka wapi, wakati protoni zimeongezeka mara mbili tu? Kiini chenye protoni mbili kinaivuta elektroni kwa nguvu maradufu, hilo kila mtu analiona. Kinachosahaulika ni kwamba elektroni inayovutwa hivyo haibaki pale ilipokuwa. Inasogea ndani. Kwenye haidrojeni umbali wake kutoka kiini ni kama nanomita 0.053, na kwenye ayoni ya heliamu unakuwa nusu ya hapo. Chaji maradufu, umbali nusu: nishati ya mvuto inakuwa mara nne, na nishati ya mwendo nayo mara nne. Ndiyo maana idadi ya protoni, Z, inaingia kwenye kanuni ikiwa imejizidisha yenyewe, na n ni namba ya ngazi ya nishati iliyokaliwa na elektroni:

```
E_n = -13.6 × Z² / n²   (eV)
```

Alama ya kutoa huwasumbua wengi. Waliowahi kuteremka Ziwa Ngozi naelewana nao haraka: ukingo wa kreta ndio sifuri, na kila hatua ya kushuka ni hasi. Ngazi ya kwanza ya ayoni yetu ni -54.4, kwa hiyo kutoka chini hadi ukingoni unalipa 54.4. Ngazi ya pili ni -13.6, ya tatu -6.04, ya nne -3.4. Kadiri unavyopanda, vidato vinabanana.

Itazame tena ngazi ya pili. Ni -13.6, sawasawa na ngazi ya kwanza ya haidrojeni. Ya nne inalingana na ya pili ya haidrojeni, ya sita na ya tatu. Kwa hiyo elektroni ya ayoni ikishuka kutoka ya sita hadi ya nne, inatoa 1.89 eV, karibu sawa kabisa na haidrojeni inaposhuka kutoka ya tatu hadi ya pili. Ni mwanga mwekundu uleule.

Mfanano huu uliwapoteza hata wakubwa. Mwaka 1896 mwanaastronomia Pickering wa Harvard aliona kwenye mwanga wa nyota iitwayo Zeta Puppis mistari iliyopishana na ile ya haidrojeni, akadhani ni haidrojeni ya namna nyingine. Ilikuwa mistari ya ayoni ya heliamu inayoanzia ngazi zenye namba witiri, kama ya saba hadi ya nne, ambazo kwenye haidrojeni hazina wenzao. Mwaka 1913 mwanafizikia Bohr akasema ni heliamu. Fowler, aliyekuwa amepata mistari ya jamii hiyo maabara, akapinga: vipimo havitoi uwiano wa 4 kamili kati ya heliamu na haidrojeni. Bohr akajibu kwamba kiini nacho kinayumba kidogo elektroni inapokizunguka, na cha heliamu, kwa kuwa ni kizito karibu mara nne ya cha haidrojeni, kinayumba kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Ukihesabu hivyo uwiano unakuwa 4.0016, na vipimo vikakubali.

Sasa nirudi kwa kijana wangu na ile 24.6. Elektroni zikiwa mbili, zinasukumana, na kanuni yetu inaishia hapo. Zisingesukumana, kuzing'oa zote mbili kungegharimu 54.4 mara 2, yaani 108.8. Gharama halisi ni 24.6 na 54.4, jumla 79.0. Zile 29.8 zilizopungua ni kazi ya kusukumana kwao. Nilimwachia chaki aandike mwenyewe, kisha akauliza kuhusu lithiamu iliyobaki na elektroni moja. Kabla sijajibu akawa ameshaandika 122.4.

Wakataka kuuona ule mstari mwekundu wa heliamu kando ya wa haidrojeni. Mmoja una urefu wa wimbi wa nanomita 656.0, mwingine 656.3. Kifaa chetu ni boksi la viatu na kipande cha sidii, na mistari miwili ya njano ya zebaki, iliyoachana kwa nanomita 2, bado tunaiona kama mmoja.