Ankara imeidhinishwa, mbona hela haijaingia? Dhana potofu kuhusu kumwandikia mhasibu

Nilikaa dawati la malipo kwa miaka kadhaa, kazi yangu ikiwa kupokea ankara za wauzaji na kuzifuatilia hadi benki. Barua pepe za kuulizia malipo nilizisoma kila siku. Waliokuwa wakiandika walikuwa na haki zote za kuuliza, lakini wengi walishika dhana zilizowachelewesha wao wenyewe, na iliniuma kuona hivyo.

Dhana: Ikishaidhinishwa, hela iko njiani.

Anayeidhinisha ni meneja wa idara iliyokupa kazi. Anachosema ni kwamba kazi ilifanyika na bei ni ile mliyopatana. Baada ya hapo ankara inaingia uhasibu, na huko nako ina safari yake. Mhasibu anailinganisha na oda ya ununuzi na hati ya kupokelea mzigo au kazi. Karatasi hizo tatu zikikubaliana, anaiingiza kwenye leja, na mfumo unaipa tarehe ya kuiva. Kisha inasubiri, kwa sababu kampuni nyingi hazilipi ankara moja moja. Zinalipa kwa mkupuo, pengine kila wiki, pengine mara mbili kwa mwezi. Siku chache kabla ya mkupuo orodha inafungwa, inapitiwa, wenye saini wanaipitisha, ndipo inakwenda benki.

Chukua ankara ya tarehe 3 Machi. Kampuni iliipokea tarehe 10, meneja akaiidhinisha tarehe 12, na masharti ni siku 30. Mwenye ankara anahesabu kuanzia tarehe aliyoiandika, kwa hiyo tarehe 2 Aprili anaanza kuona amecheleweshewa. Lakini mkataba wake unasema siku 30 tangu ankara kupokelewa, kwa hiyo inaiva tarehe 9 Aprili. Kampuni hiyo inalipa tarehe 5 na 20 ya kila mwezi. Tarehe 5 ankara ilikuwa haijaiva, basi inaangukia tarehe 20. Hakuna aliyemfanyia hila, ila hakuna pia aliyemweleza. (Zipo kampuni ambazo zingeivuta kwenye mkupuo wa tarehe 5 ili isipitilize siku zake. Huo ni uamuzi wa kampuni, na ndiyo maana inafaa kuuliza.)

Dhana: Kuulizia ni kusumbua watu.

Hapana. Sisi tulioketi upande ule tulifurahi kuulizwa mapema, kwa sababu ankara iliyokwama haipigi kelele. Tarakimu moja ya oda ikikosewa, au hati ya kupokelea kazi ikiwa haijasainiwa, ankara inawekewa zuio na kubaki hapo huku kila mtu akidhani mwenzake anaishughulikia. Aliyeandika kabla orodha haijafungwa alitupa nafasi ya kurekebisha. Aliyeandika siku ya mkupuo alikuwa ameshachelewa, hata kama kosa lilikuwa letu.

Dhana: Nikiituma upya, itasogea mbele.

Hili ndilo kosa lililoniumiza zaidi kuliona. Mtafsiri mmoja alikuwa na ankara iliyoidhinishwa, namba 0147. Wiki tano zikapita kimya. Akaona labda imepotea, akaituma tena, na ili ionekane mpya akaipa namba 0152 na tarehe ya siku ile.

Mfumo hutambua ankara iliyorudiwa kwa kuangalia jina la muuzaji, namba, tarehe na kiasi. Angeituma na namba ileile, mfumo ungeikataa na mambo yangeishia hapo. Kwa kuwa namba na tarehe zilibadilika, ya pili ilipita mlangoni, ikafika kwenye oda ileile ya ununuzi na kukuta kiasi chote cha oda kimeshatumiwa na ya kwanza. Msimamizi alipoona ankara mbili za kazi moja alizizuia zote mbili mpaka ieleweke ipi ni ya kweli. Ya kwanza ilikuwa imebakiza siku nne ilipwe. Mtafsiri alilazimika kuandika rasmi kwamba ameifuta 0152, na ile 0147 ikasukumwa hadi mkupuo uliofuata.

Kuambatisha nakala hakuna ubaya. Iwe ni nakala ileile, namba ileile, na useme wazi kwamba ni ya rejea tu.

Dhana: Swali la kuuliza ni "mtanilipa lini?"

Swali hilo ni la haki, lakini mhasibu wa dawatini mara nyingi hana mamlaka ya kukuahidi siku. Anachoweza kukuambia bila kumuuliza mtu ni ankara iko hatua gani. Muulize hilo, na umpe kila kitu anachohitaji kuitafuta, ili asilazimike kukurudia na maswali. Mtafsiri wetu, kama angeandika tarehe 10 Aprili, barua ingetosha hivi:

> Mada: Ankara Na. 0147 ya 3 Machi, oda Na. 2231: naomba kujua imefikia wapi
>
> Ndugu Mhasibu,
>
> Habari za kazi. Naulizia ankara Na. 0147 ya tarehe 3 Machi, iliyotolewa kwa oda ya ununuzi Na. 2231. Idara ya Mafunzo ilinijulisha kuwa iliidhinishwa tarehe 12 Machi. Kwa masharti ya siku 30 tangu kupokelewa tarehe 10 Machi, naona iliiva jana, tarehe 9 Aprili.
>
> Naomba kujua kama imeshaingizwa kwenye mfumo, na kama imo kwenye mkupuo wa tarehe 20. Ikiwa kuna kilichoizuia, tafadhali nijulisheni nikirekebishe mapema.
>
> Nimeambatisha nakala kwa rejea tu. Si ankara mpya.
>
> Asanteni kwa msaada wenu.

Angalia namba zilivyokaa kwenye mada. Mhasibu ana barua nyingi za kusoma, na ile yenye namba kwenye mada anaweza kuitafuta kwenye mfumo hata kabla hajaifungua. Mada ya "Malipo yangu" inamlazimu aanze kukisia wewe ni nani.

Kuhusu kumweka mkurugenzi kwenye nakala ya barua ya kwanza, mimi nasema usifanye. Mhasibu ataacha kujibu swali na kuanza kujieleza. Ukihitaji mtu wa kukusaidia, ni yule meneja aliyeidhinisha, maana zuio nyingi huondolewa na saini yake.

Dhana: Naweza kubadilisha akaunti ya benki humohumo.

Usichanganye mambo hayo mawili kamwe. Matapeli hujifanya wauzaji na kutuma "akaunti mpya" kwa barua pepe, tena hupenda kuvizia ankara ambayo imeshaidhinishwa. Uhasibu makini ukipata barua ya namna hiyo unasimamisha malipo yako yote na kukupigia kupitia namba ya simu iliyomo kwenye kumbukumbu zao za zamani, siyo iliyo kwenye barua. Kama kweli umebadilisha benki, pitia utaratibu wao wa kusahihisha taarifa za muuzaji, ukamilishe kabla ya kuulizia ankara.

Dhana: "Inashughulikiwa" ni jibu.

Kwa niliyoyaona, neno hilo mara nyingi lilimaanisha kwamba hakuna aliyeifungua ankara. Jibu kamili lina hatua na tarehe: "imeingizwa, imo kwenye orodha ya tarehe 20", au "ina zuio, hati ya kupokelea kazi haijasainiwa." Ukipata la kwanza, subiri mkupuo upite na siku moja au mbili za benki ndipo uandike tena. Ukipata la pili, mpigie meneja wako siku hiyohiyo. Ukipata "inashughulikiwa", jibu kwenye barua ileile kwa mstari mmoja: "Asante. Je, imeshaingizwa kwenye mfumo, na ina zuio lolote?"